Sekunde saba za ushahidi: kukata rekodi ya skrini bila kupoteza kasoro yenyewe

Dada wa mahesabu katika ofisi moja ya wauza dagaa, karibu na Mwaloni pale Kirumba jijini Mwanza, alinipigia simu akiwa amechoka. "Kaka, nimewatumia video mara mbili. Mara ya kwanza wamenigombeza kwamba nimewaonyesha namba za wateja. Mara ya pili wamesema hawaoni nilichobonyeza. Na mimi kwangu video zote mbili naziona sawa tu."

Programu yao ya mauzo ilikuwa inazidisha jumla. Anaingiza magunia 9 kwa shilingi 150,000, anabonyeza Hifadhi mara moja, jumla inatokea 1,350,000 kwa kufumba na kufumbua, kisha inageuka 2,700,000 na kubaki hivyo. Timu ya msaada ya waliotengeneza programu ilishikilia kwamba amebonyeza mara mbili. Kwa hiyo video ilitakiwa ithibitishe mambo mawili: kwamba kitufe kilibonyezwa mara moja, na kwamba jumla sahihi ilitangulia kuonekana kabla ya ile mbovu. Kipande kinachokosa moja kati ya hayo hakimsaidii.

Rekodi yenyewe ilikuwa nzuri, ya dakika 9, fremu 30 kwa sekunde. Kasoro ilikuwa mahali hapa: dakika ya 4 na sekunde 9.6 anabonyeza Hifadhi, sekunde 12.4 jumla sahihi inatokea na kupotea. Kabla ya hapo, hadi sekunde ya 7, orodha ya wateja na namba zao za simu ilikuwa imefunguka pembeni ya skrini. Alitaka kuanzia 4:08 hadi 4:15, sekunde saba tu. Alitumia ffmpeg, programu ya kukata na kubana video inayoendeshwa kwa kuandika amri. Amri alipewa na kijana mmoja wa ofisini, na ndiyo iliyomponza.

Dalili: kwangu kipande kinaanza sawa, kwao kinaanza mapema

Amri ya kwanza ilikuwa hii. `-ss` ni mahali pa kuanzia, `-t` ni urefu wa kipande kwa sekunde, na sekunde 248 ni dakika 4 na sekunde 8.

```
ffmpeg -ss 248 -i kasoro.mp4 -t 7 -c copy kipande.mp4
```

Tatizo liko kwenye `-c copy`. Maneno hayo yanaiambia ffmpeg inakili data ya video kama ilivyo, bila kuifungua na kuibana upya. Ndiyo maana inamaliza kazi kabla hujashusha kikombe. Lakini video iliyobanwa si rundo la picha kamili. Picha kamili huwekwa moja moja kwa nafasi, na kati yake fremu nyingine zinaeleza tu kilichobadilika tangu fremu iliyopita. Fremu ya namna hiyo ikikatwa ikae peke yake haina pa kusimamia. Kwa hiyo anayenakili hawezi kuanzia popote anapotaka. Lazima aanzie kwenye picha kamili.

Kwenye video za filamu huwezi kugundua sana, kwa sababu kila mandhari yakibadilika picha kamili huongezwa. Rekodi ya skrini ya mhasibu ni kitu kingine. Skrini inatulia, kinachosogea ni mshale tu, na kisimbaji, yaani programu inayoibana video, hakioni sababu ya kuweka picha kamili mpya. Kisimbaji cha x264 kikiachwa kwenye mipangilio yake ya kawaida kinaweza kupitisha hadi fremu 250 kabla ya kuweka nyingine. Kwa fremu 30 kwa sekunde, hizo ni zaidi kidogo ya sekunde 8. Kumbuka kipande chenyewe kilitakiwa kuwa cha sekunde 7.

Usibahatishe picha kamili ziko wapi, ziulize:

```
ffprobe -v error -select_streams v -skip_frame nokey -show_entries frame=best_effort_timestamp_time -of csv=p=0 kasoro.mp4
```

Inatoa safu ya namba, kila moja ni sekunde yenye picha kamili. Kwenye rekodi ya dada yetu, sehemu iliyotuhusu ilisomeka hivi:

```
241.666667
250.000000
258.333333
```

Hapo kila kitu kikaeleweka. Yeye aliomba kuanzia 248. Picha kamili iliyotangulia iko 241.67, na ffmpeg ikarudi huko ikanakili kila kitu kuanzia hapo. Kisha ikaandika ndani ya faili la MP4 maelekezo madogo kwamba mchezaji wa video, yaani programu inayoionyesha, aruke sekunde 6.3 za mwanzo asizionyeshe. Mchezaji wa video kwenye kompyuta yake aliyatii maelekezo, akaanza 4:08. Mchezaji wa upande wa pili hakuyatii, akaanza mapema, na orodha ya wateja ikaonekana yote na namba zao.

Ninakaa hapa kidogo kwa sababu watu wengi hudhani kilichokatwa kimekwisha kuondoka. Kwa kunakili, kilichokatwa kinaweza kuwa bado kimo ndani ya faili, kimefunikwa tu. Ukitaka kuona kilichobaki humo, mwambie mchezaji apuuze maelekezo hayo:

```
ffplay -ignore_editlist 1 kipande.mp4
```

Tulipofanya hivyo kwenye faili lake la kwanza, akajionea mwenyewe majina ya wateja yakipita. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi. Lakini hata bila sheria, mteja wa dagaa akijua namba yake inazunguka kwenye ofisi za watu asiowajua, kesho atanunua magunia yake kwa jirani.

Dalili: kitendo muhimu hakipo, video inaanza ikiwa imechelewa

Alipogombezwa, yule kijana akamwambia ahamishe `-ss` iwe baada ya jina la faili:

```
ffmpeg -i kasoro.mp4 -ss 248 -t 7 -c copy kipande2.mp4
```

Safari hii ffmpeg ilitupa kila kilichokuwa kabla ya 248, kweli. Wateja wakasalimika. Lakini fremu za 248 na 249 hazikuwa na picha kamili ya kusimamia, nazo zikatupwa. Picha ikaanza 250.0. Kitufe kilibonyezwa 249.6. Yaani sehemu nne tu za kumi za sekunde zilizokosekana ndizo zilizobeba hoja yake nzima, na timu ya msaada ikajibu kwa haki kabisa: tunaona jumla mbovu, hatuoni ulichobonyeza wala ulibonyeza mara ngapi.

Kwa nini yeye aliiona sawa? Kwa sababu anaijua kazi yake. Alipoona jumla ikigeuka, akili ilijazia kubonyeza ambako hakukuwepo. Kipande chochote mpe mtu ambaye hakuwepo akitazame kabla hujakituma, hata mlinzi wa getini, umuulize amemwona nani akibonyeza nini.

Dalili hii ina sura nyingine mbili zenye chanzo kilekile. Kama rekodi ina sauti, utasikia sauti ikienda huku skrini ikiwa nyeusi au imeganda, kisha picha inatokea ghafla. Na kama kipande chako chote kimeangukia katikati ya picha kamili mbili, unaweza kupata faili lenye sauti tupu. Mfano kwenye rekodi hii: ukiomba kuanzia 251 hadi 257 kwa njia hii ya pili, hakuna picha kamili hata moja humo ndani.

Dawa ya zote mbili

Acha kunakili. Ibane upya:

```
ffmpeg -ss 248 -i kasoro.mp4 -t 7 -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -an -movflags +faststart kipande3.mp4
```

Hapa ffmpeg bado inarudi hadi 241.67, kwa sababu haina pengine pa kuanzia, lakini inazifungua fremu zile kwenye kumbukumbu yake tu, inazitupa hadi ifike 248, ndipo inaanza kuandika faili jipya ambalo fremu yake ya kwanza ni picha kamili. Za nyuma hazimo kabisa. Kwa sekunde saba hata kompyuta mpakato kuukuu humaliza upesi, kwa hiyo ile faida ya kunakili haraka haina maana hapa. Kunakili kuna mahali pake, kwa mfano kukata saa nzima ya kikao ambacho hakuna anayejali sekunde tano huku au kule.

Maneno mengine kwenye amri hiyo yana sababu zake. `-crf 18` ni kiwango cha ubora. Namba ikipungua ubora unapanda na faili linakua. Kawaida yake ni 23, lakini maandishi madogo ya skrini huanza kuota ukungu mapema kuliko sura za watu, kwa hiyo nashuka kidogo. `-pix_fmt yuv420p` ni kinga: baadhi ya programu za kurekodi skrini huhifadhi rangi kwa namna ambayo vivinjari na simu nyingi hazichezi, halafu unaambiwa faili limeharibika wakati ni zima. `-an` inaondoa sauti. Sikiliza rekodi yako kwa makini siku moja utaelewa kwa nini. Kwenye hii ya dada yetu bosi alikuwa nyuma yake akijadiliana bei na mtu wa Ukerewe.

Dalili: niliomba sekunde saba, nimepata dakika nne

Hili lilinikuta mimi mwenyewe, kwa hiyo simcheki mtu. Badala ya `-t 7` nikaandika `-to 255`, nikiwa na maana "hadi 4:15". Lakini `-ss` ikikaa kabla ya `-i`, saa ya kipande inaanza upya sifuri. Ikikuta `-to 255` mwishoni inaelewa "hadi sekunde ya 255 ya kipande kipya", na inakukatia dakika nne na zaidi. Ama tumia `-t` na idadi ya sekunde, ama uweke `-to` nayo kabla ya `-i`.

Kingine cha aina hiyo: ukiandika `-ss 4.08` hujasema dakika 4 na sekunde 8, umesema sekunde 4 na kidogo. Andika `00:04:08` au `248`.

Dalili: kasoro ilikuwepo kwenye rekodi, kwenye kipande haimo

Jumla sahihi ilionekana kwa fremu mbili tu. Kwa fremu 30 kwa sekunde, hiyo ni sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Sasa fikiria mtu anayegeuza kipande kuwa GIF ya fremu 5 kwa sekunde ili kiwe chepesi. Anabakiza fremu moja katika kila sita. Uwezekano mkubwa ni kwamba fremu zile mbili zitarukwa zote, na GIF itaonyesha skrini tupu ikifuatiwa na 2,700,000, kama vile hakuna kilichotangulia. Umetuma ushahidi dhidi yako.

Kwa hiyo kasoro ya kupepesa usiipunguzie fremu. Isogeze fremu kwa fremu uhakikishe imo: kwenye VLC bonyeza herufi E, kila kubonyeza ni fremu moja. Kisha zitoe fremu za hapo kama picha, uziambatishe pamoja na video:

```
ffmpeg -ss 252.2 -i kasoro.mp4 -t 0.4 fremu_%02d.png
```

Tulipata picha 12, na mbili kati yake zilikuwa na 1,350,000. Tukazichagua hizo mbili na iliyofuata. Anayetazama hahitaji tena kuvizia.

Ikiwa hata rekodi ya asili haina fremu hizo, basi hakuna amri itakayozirudisha. Rekodi tena, angalia kwenye mipangilio kwamba unarekodi fremu 30 au 60, na funga programu nyingine zinazoielemea kompyuta, kwa sababu kompyuta iliyoelemewa huangusha fremu bila kukuuliza.

Dalili: kwao maandishi hayasomeki

Mara tisa kwa kumi video ilipitia WhatsApp ikiwa imetumwa kama video. WhatsApp huibana tena na mara nyingi huipunguza ukubwa, na tarakimu za jedwali la mauzo zinageuka madoa. Itume kama hati na si kama video, itafika kama ilivyotoka. Au iambatishe kwenye barua pepe. Gmail inaruhusu megabaiti 25, na kipande chetu cha sekunde saba kisicho na sauti hakikufika hata megabaiti 2.

Usipunguze upana wa skrini ili kuokoa ukubwa. Heri upunguze muda.

Dalili: kuna kitu cha siri ndani ya sekunde zilezile ninazozihitaji

Kukata muda hakusaidii hapa. Funika sehemu hiyo kwa kisanduku cheusi. Ongeza hii kwenye amri ya kubana upya, baada ya jina la faili la kuingia:

```
-vf "drawbox=x=40:y=210:w=380:h=260:color=black:t=fill"
```

`x` na `y` ni kona ya juu kushoto ya kisanduku, `w` na `h` ni upana na kimo, vyote kwa pikseli. Vipate kwa kufungua fremu moja kwenye programu ya picha na kuweka mshale pale. Tumia weusi kamili na usitumie ukungu, maana tarakimu zilizotiwa ukungu hafifu mtu mwenye subira anaweza kuzibashiri, hasa namba za simu ambazo mwanzo wake unajulikana. Na kisanduku hakifanyi kazi pamoja na `-c copy`: huwezi kuchora juu ya picha ambayo hujaifungua.

Kisifunike saa ya kompyuta kule pembeni chini, wala namba ya toleo la programu. Hivyo viwili timu ya msaada inavihitaji ili kulinganisha video na kumbukumbu za seva yao. Seva nyingi huandika muda wa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na sisi tuko saa tatu mbele yake, kwa hiyo 14:32 kwenye skrini ya Kirumba ni 11:32 kwenye kumbukumbu zao. Na kwenye maelezo andika 14:32 hivyo hivyo. Dada yetu aliwaandikia "saa nane na nusu", na wao wakaenda kuchimbua kumbukumbu za asubuhi.

Dalili: `moov atom not found`

Faili la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika katikati, faharasa haikuandikwa, na ffmpeg inatoa maneno hayo na kukataa. Data ya picha inaweza kuwa imo, ila hakuna anayejua fremu ipi inaanzia wapi. Ipo programu iitwayo untrunc inayojaribu kuijenga upya kwa kuiga rekodi nyingine nzima ya programu na mipangilio ileile. Wakati mwingine inafaulu. Njia rahisi ni kutofika huko: kwenye OBS, programu ya kurekodi skrini, chagua kurekodi kwa muundo wa MKV, ambayo umeme ukikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. ffmpeg inaikata MKV kwa amri zilezile za hapo juu, na jina la faili la kutoka likiwa na `.mp4` ndilo litakalotoka.

Tulituma kipande cha tatu alasiri ileile: video ya sekunde saba, picha tatu, na mistari minne ya maelezo. Sekunde 1.6 anabonyeza Hifadhi mara moja. Sekunde 4.4 jumla inasoma 1,350,000. Mara inageuka 2,700,000. Saa ya skrini 14:32, ambayo ni 11:32 UTC. Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Hawakuuliza tena kuhusu kubonyeza mara mbili. Walisema ombi la kuhifadhi lilikuwa linatumwa upya lenyewe mtandao ukichelewa kujibu, na seva ilikuwa inayapokea yote mawili.